Trei ya Maji Haifai Oveni ya Gesi, Pindua Sufuria

Wacha niseme wazi kabla hamjaanza kunipinga: kama una jiko la gesi lenye oveni, kama wengi wetu hapa Garissa, ile trei ya maji mnayoambiwa muweke chini ili mkate upate ganda gumu linalolia "kra" ukiubonyeza, haiwezi hiyo kazi. Inakula gesi tu. Na yule anayekuambia ununue chungu kizito cha chuma cha pesa nyingi pia muache. Kitu unachohitaji kiko kwenye rafu ya jikoni kwenu, pengine kimelala kifudifudi sasa hivi kikikauka. Sufuria. Hii sufuria yetu ya kawaida ya aluminiamu, isiyo na mikono.

Najua kuna mtu anauliza, kwani mkate wa ganda gumu ni wa nini, si tuna mkate laini dukani? Ni wa supu, bana. Habaryar wangu ana hoteli ndogo mjini, na jioni watu wanakuja kunywa supu ya mbuzi. Mkate laini wa dukani ukiuchovya kwenye supu unayeyuka, unabaki na uji kwenye bakuli. Mkate wenye ganda unakaa, unafyonza mchuzi taratibu, na ukiuma bado kuna kitu cha kutafuna. Habaryar alitaka mkate kama huo lakini akaniwekea sharti moja: oveni inawashwa mara moja kwa siku, na si zaidi ya saa moja na nusu, kwa sababu mtungi ni ule ule unaopika wali na supu ya wateja. Aliniambia hivi, akiniita habaryar vile shangazi na khala wa Kisomali wanavyowarudishia watoto jina lao: "Habaryar, mkate ni wako, gesi ni yangu." Kwa hivyo haikuwa mchezo wa kupiga picha. Njia itakayokula gesi bila faida ingefutwa siku hiyo hiyo.

Sasa, mvuke unafanya nini hasa? Watu wengi wanadhani mvuke ndio unaofanya ganda liwe gumu. Ni kama kinyume chake. Mvuke unafanya ganda lichelewe kuwa gumu. Donge la unga likiingia kwenye oveni yenye moto wa nyuzi 230, ndani yake hewa inatanuka na hamira inafanya kazi yake ya mwisho kwa haraka kabla haijafa. Donge linataka kupanda. Lakini kama hewa ya oveni ni kavu, ngozi ya juu inakauka ndani ya dakika chache na kukakamaa, na mkate unabanwa kama mtu aliyevaa shati la mdogo wake. Shati litapasuka tu, na halipasuki pale ulipokata kwa wembe, linapasuka ubavuni au chini. Ukiona mkate wako umepasuka vibaya upande mmoja na juu ni butu, rangi ya vumbi, ujue ngozi ilikauka mapema.

Kukiwa na mvuke, mvuke unakuta donge likiwa bado baridi kuliko wenyewe, unageuka maji juu ya ngozi yake, kama vile chupa ya maji baridi inavyotokwa jasho ukiitoa kwenye friji. Huo unyevu unaiacha ngozi ikivutika, kwa hivyo mkate unapanda mpaka mwisho wake. Halafu kuna jambo la pili. Wanga wa unga ulio juu, ukipata maji na joto la nyuzi 60 na kitu, unavimba na kuwa kama gundi nyembamba. Gundi hiyo ndiyo inayokauka baadaye na kuwa ganda jembamba, linalong'aa, linalovunjika. Bila maji haifanyiki, unga unakauka ukiwa unga. Ndiyo maana mvuke unahitajika mwanzoni tu, dakika 15 hadi 20. Baada ya hapo lazima utoke wote, kwa sababu ganda halibadiliki rangi vizuri likiwa bado lina maji. Ukiuacha mvuke mpaka mwisho utapata mkate mweupe wenye ngozi ya kuvutika kama kiatu.

Haya, turudi kwa trei. Nadharia yake ni nzuri. Gramu moja ya maji ikigeuka mvuke kwenye oveni ya nyuzi 230 inajaza zaidi ya lita 2. Oveni ya lita 60 kwa hivyo inajazwa na vijiko viwili tu vya mezani vya maji. Rahisi, si ndiyo? Shida ni kwamba oveni ya gesi si sanduku lililofungwa. Gesi yetu ya mtungi haiwaki bila hewa, na inahitaji nyingi: gramu moja ya gesi inataka kama gramu 15 za hewa. Hewa hiyo inaingia chini, inapita kwenye moto, inapanda, na inatokea kwenye tundu la nyuma au juu. Weka mkono karibu na tundu hilo oveni ikiwa inawaka (karibu, si juu yake) utahisi upepo wa moto. Sasa huo upepo hauchagui. Mvuke wako nao unapanda nao. Moto ukiwaka kwa nguvu, hewa yote ya ndani inabadilishwa ndani ya dakika chache.

Na tafadhali usijaribu ujanja wa kuziba tundu kwa karatasi ya aluminiamu. Moto wa gesi ukikosa hewa unatoa ile hewa ya sumu isiyo na harufu, ile inayoua watu wakilala na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Hakuna mkate wa maana kiasi hicho.

Jambo la pili linaloniudhi kuhusu trei ni gesi. Maji yakishachemka, kuyageuza yawe mvuke kunataka joto mara tano na zaidi ya lile lililoyatoa kwenye ubaridi wa barafu mpaka yakachemka. Joto hilo linatoka wapi? Kwenye oveni yako, dakika ile ile mkate unapolihitaji. Kwa hivyo unalipia gesi ipashe maji moto, halafu maji yanatoroka kupitia tundu. Nikimueleza habaryar hivyo alicheka tu, akasema hiyo ni kama kuchota maji Tana kwa chujio.

Nisiwe mwongo lakini. Trei ina mahali pake. Oveni ya stima haihitaji hewa ya kuwakia, kwa hivyo inavuja kidogo tu, na hapo trei inafanya kazi kama inavyosemwa. Weka trei nzito ya chuma tupu rafu ya chini kabisa wakati oveni inapata moto, mkate ukiingia mimina maji yanayochemka, kikombe kimoja hivi, funga mlango mara moja, na baada ya dakika 15 toa trei. Maji yawe yanachemka, si ya bomba, na sahani ya kioo isitumike, itapasuka. Tandika kitambaa kikavu juu ya kioo cha mlango unapomimina, kisha ukiondoe. Nimeona kioo cha mlango kwa jirani kikilia "tak" kwa matone machache tu ya maji baridi. Na kwenye zile oveni ndogo za mezani ambazo nyaya za moto ziko wazi chini, achana na maji kabisa, kwa sababu yakimwagika juu ya nyaya ni hatari.

Kwenye gesi, acha oveni ivuje ivyo inavyotaka. Wewe funika mkate.

Wazo lenyewe ni la zamani. Hapa kwetu muufo unaokwa kwenye tanuri la udongo, donge linabandikwa ukutani na mdomo wa tanuri unafunikwa, na Waswahili wa pwani wana mkate wa mofa kwa njia hiyo hiyo. Unyevu wa mkate wenyewe unabaki ndani na mkate. Huko Marekani jambo hili lililipuka Novemba 2006, gazeti la New York Times lilipochapisha njia ya muokaji Jim Lahey ya kuoka mkate ndani ya chungu kilichofunikwa, na tangu hapo dunia nzima inaambiwa inunue vyungu vizito. Lakini chungu kinachofanya kazi si uzito, ni udogo. Mkate wenye gramu 400 unapoteza kama gramu 50 za maji kabla haujaiva. Kwenye oveni nzima hizo zinapotea. Chini ya sufuria ya lita 5, gramu 2 au 3 tu zimeshajaza nafasi yote. Mkate unajitengenezea mvuke wake mwenyewe, hulipii hata tone.

Sasa kwa nini nasema kupindua? Kwa sababu njia ya kawaida, kupasha sufuria na kifuniko chake na kisha kudondosha donge ndani, ina shida mbili kwa vyombo vyetu. Sufuria ya aluminiamu ni nyembamba, na kwenye oveni ya gesi moto uko chini, kwa hivyo kitako cha mkate kinaungua kabla ya juu kuiva. Pili, kudondosha donge laini ndani ya shimo la nyuzi 230 bila kuchoma mkono kunataka ujasiri usio wa lazima. Lakini angalia sufuria yetu: haina mikono, haina mpini, mdomo wake umekunjwa nje na ni bapa. Ukiipindua juu ya trei inakaa sawa kabisa, kama imeundwa kwa kazi hiyo. Vyungu vingine vya bei ghali haviwezi, mikono inazuia. Ile iliyopakwa dawa ya kutoshika chakula usiitumie, haipendi kupashwa ikiwa tupu. Na chochote chenye plastiki hapana.

Siku niliyotaka kumaliza ubishi nilikanda donge moja na kuligawa mara mbili. Gramu 500 za unga wa ngano mweupe wa kawaida, gramu 325 za maji, gramu 10 za chumvi, na gramu 2 za hamira ya chembe, hiyo ya mkate, si ya keki. Hamira ni kidogo makusudi. Vitabu vingi vimeandikwa na watu wenye jikoni la baridi. Garissa mchana joto linafika nyuzi 35 bila kuomba ruhusa, na kwa kiasi cha vitabu donge linapanda na kuanguka ukiwa bado unatafuta trei. Maji nilitumia ya mtungi wa udongo, ya baridi. Likakaa saa mbili limefunikwa, nikaligawa, nikaviringa mikate miwili ya duara, nikaipumzisha dakika 35 chini ya kitambaa kibichi kilichokamuliwa. Hicho kitambaa usikisahau. Upepo wetu mkavu unaweza kukausha ngozi ya donge juu ya meza, na ikishakauka huko nje, hakuna mvuke utakaoirudisha.

Oveni niliiwasha dakika 30 kabla, moto wa mwisho, trei nzito iko rafu ya katikati na sufuria imepinduliwa juu yake, vyote vipate moto pamoja. Kama kipimo cha oveni yako hakiaminiki, nyunyiza unga kidogo kwenye trei: ukigeuka kahawia ndani ya dakika moja hivi, moto unatosha. Ukiwa mweusi papo hapo, punguza.

Mkate wa kwanza ukaoka na sufuria. Donge nimeliweka juu ya karatasi ya kuokea, nikakata mstari mmoja kwa wembe, kina cha sentimita moja, nikavuta trei nje kidogo, nikainua sufuria, nikatelezesha karatasi ndani, nikafunika. Sekunde 15 zinatosha ukipanga vitu vyako mapema. Dakika 20 sikugusa mlango.

Kufunua ndiko kunakochoma watu, kwa hivyo nisikilizeni. Shika sufuria kwa vitambaa viwili vikavu kabisa. Kitambaa chenye unyevu kinapitisha joto mpaka kwenye vidole kabla hujajua. Inua upande wa nyuma kwanza, ule wa mbali na wewe, mvuke utokee huko, ndipo uinue yote. Utauona mkate umepanda, mweupe wenye manjano, unang'aa kama umepakwa mafuta, na ule mkato umefunguka. Usiogope weupe, rangi bado. Rudisha bila sufuria, dakika 12 hadi 15 zaidi, mpaka uwe kahawia iliyokolea kuliko unavyodhani inatosha.

Wa pili, trei ya maji yanayochemka chini, mkate juu, dakika zile zile. Kioo cha mlango hakikuwahi hata kufanya ukungu, na huo ni mtihani mzuri: kioo kisipopata ukungu kabisa dakika za mwanzo, mvuke wako uko nje na majirani. Huu wa trei ulitoka na urefu wa sentimita 6, umepasuka ubavuni, ganda nene na butu. Wa sufuria ulikuwa karibu sentimita 9, ganda jembamba, na ulipokuwa unapoa juu ya waya ulianza kulia wenyewe, tik tik tik, ganda linapasuka vistari vidogo likishindwa kufuata ndani inayosinyaa. Habaryar alisikiza hiyo sauti kwa sikio kabisa, kisha akachukua kipande cha wa trei, akakichovya kwenye supu, akala, akasema huu pia si mbaya. Yeye hapendi mtu ajisikie. Lakini keshoye hakuniuliza habari ya trei.

Kosa ambalo nimeona watu wakifanya na sufuria ni moja hasa: sufuria isiyokaa sawa. Ikiwa mdomo umebonyea kwa kuangushwa, mvuke unavuja pale, na upande ule wa mkate unatoka butu huku mwingine unang'aa. Utaona mstari kabisa. Dawa ni ile ya biriani: viringa ukamba wa unga na maji, bandika mdomoni pale palipobonyea. Au nenda Soko Mugdi ununue nyingine, na kabla ya kulipa ipindue juu ya meza uibonyeze, isichezecheze. Wenye duka watakuangalia vibaya kidogo. Kosa jingine ni sufuria ndogo, mkate unapanda mpaka unagusa juu na kunata. Acha nafasi ya vidole vinne kila upande.

Sasa kikwazo cha kweli, na hiki sijakimaliza: sufuria moja, mkate mmoja, na hoteli haiendeshwi kwa mkate mmoja. Tulichofanya ni kutafuta sufuria pana, sentimita 28 hivi, inayoingia kwenye oveni bila kuziba ile njia ya hewa ya pembeni, na chini yake nikapanga mikate midogo mitatu ya gramu 150. Midogo inaiva haraka: dakika 12 imefunikwa, dakika 10 wazi. Katika saa moja na nusu yangu, ukitoa ile nusu saa ya kupasha, napata zamu mbili na muda wa kupumua, yaani mikate sita. Zamu ya pili huwa nzuri kuliko ya kwanza kwa sababu trei imeshiba moto. Katikati nasubiri dakika tano sufuria irudi kwenye joto lake, nisipofanya hivyo vitako vinatoka vyeupe.

Na usikate kabla ya saa kupita, hata kama harufu inakutesa. Ndani bado kuna maji yanayotoka taratibu, ukikata sasa kisu kitatoka na ute na ganda litalainika. Funga kwa kitambaa au karatasi, isiwe kwenye kitu cha plastiki kilichofungwa, kwa sababu humo ganda linakuwa ngozi kufikia jioni. Hapa kwetu wakati wa kiangazi ganda linakaa mpaka usiku bila shida. Binamu yangu aliye Mombasa anasema la kwake linalainika alasiri hiyo hiyo, na ni kweli, ile hewa ya bahari ina maji. Yeye anarudisha mkate mzima kwenye oveni ya moto dakika tano kabla ya kula, bila sufuria, bila maji.